BUSTANI YA NYUMBANI: Nyanya kuoza kitako, tusikimbilie kulaumu kalsiamu

Mwezi Januari, katikati ya joto la kaskazi, mama mmoja wa Buguruni Mnyamani aliniita nikaione bustani yake. Uani kwake alikuwa na minyanya 12 na mashina sita ya pilipili hoho, kila shina katika ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini. Majani yalikuwa ya kijani kibichi kilichokoza na matunda yalikuwa mengi. Hata hivyo, karibu kila nyanya ya kichala cha kwanza ilikuwa na doa jeusi chini, pale ua lilipodondoka, yaani upande usio na kikonyo.

Alikwisha kujitahidi sana kabla ya kuniita. Aliambiwa kwamba mimea yake imekosa kalsiamu, basi akasaga maganda ya mayai na kuyachanganya na udongo. Baadaye akaenda Kariakoo kwenye duka la pembejeo, akanunua dawa ya kalsiamu na kuipulizia majani kila wiki. Mwezi ukapita, na matunda yakaendelea kuoza.

Ugonjwa huo wakulima wetu huuita kuoza kitako. Kwa hakika si ugonjwa wa kuambukiza: hausababishwi na kuvu, bakteria wala mdudu, na tunda moja haliliambukizi jingine. Huanza kama doa dogo lililolowa kwenye kitako cha tunda bichi, aghalabu likiwa na ukubwa wa ndimu. Kisha doa hupanuka, hubonyea, hukauka na kuwa gumu kama ngozi. Ukiona ukungu mweusi juu yake, huo umekuja baadaye kujilia sehemu iliyokwisha kufa.

Katika hoho doa mara nyingi hukaa ubavuni, karibu na ncha, na kwa hiyo watu hudhani tunda limeunguzwa na jua. Tofauti yake ni kwamba jua huunguza upande ulio wazi peke yake, ilhali kuoza kitako huwapata hata matunda yaliyojificha chini ya majani. Na ukikuta katika tunda vitundu na vinyesi vya funza, hilo ni tatizo jingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kalsiamu. Ni kweli kwamba sehemu ile ya tunda huoza kwa kukosa kalsiamu. Kosa letu ni kudhani kwamba udongo ndio uliokosa. Udongo uliochanganywa na samadi kwa kawaida huwa na kalsiamu ya kutosha. Taabu iko njiani. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo hufuata zaidi mahali yanapotoka kwa wingi kama mvuke, yaani kwenye majani. Tunda halitoi mvuke mwingi, hivyo hupata fungu dogo tu, na kitako, kilicho mbali zaidi na kikonyo, hupata mabaki. Tena kalsiamu ikishaingia jani haitoki humo kwenda kwenye tunda.

Kwa hiyo mmea ukikaukiwa hata kwa saa chache katika wiki mbili au tatu za mwanzo baada ya ua kudondoka, wakati tunda linapokua kwa kasi, kitako hukosa fungu lake na chembe zake hufa. Doa huonekana siku kadhaa baadaye, wakati mwenye bustani amekwisha kusahau ile siku mimea iliponyauka.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini juhudi za yule mama hazikuzaa matunda. Dawa iliyopuliziwa jani hubaki jani, na ngozi laini ya nyanya hupitisha kidogo sana. Maganda ya mayai nayo huoza polepole mno kuweza kulisaidia tunda la msimu huu.

Nilimwuliza anavyomwagilia. Maji ya bomba hufika kwake kwa zamu, hivyo alikuwa akimwaga lita tatu kwa kila ndoo, siku moja baada ya nyingine. Tupige hesabu. Mnyanya mkubwa wenye matunda, katika jua la Januari, waweza kunywa lita mbili kwa siku. Ndoo ya lita 10 yenye udongo wa kichanga haihifadhi zaidi ya lita moja na nusu hivi ya maji ambayo mmea waweza kuyatumia. Yanayozidi huchuruzika chini. Maana yake ni kwamba lita tatu zake nusu zilipotea, na siku ya pili mimea ilishinda na kiu.

Jambo la pili lilikuwa mbolea. Kila wiki alitia kijiko cha yurea. Naitrojeni nyingi hukuza majani, na majani mengi ndiyo yanayolinyang'anya tunda maji. Isitoshe, yurea hugeuka amonia udongoni, nayo hushindana na kalsiamu mizizini.

Tuliyoyafanya ni machache. Kwanza, lita zile zile tatu za siku mbili zikagawanywa: robo tatu ya lita alfajiri na robo tatu jioni, kila siku, kutoka kwenye pipa analolijaza siku ya zamu. Siku za joto kali aliongeza nusu lita mchana. Pili, tulitandaza randa za seremala juu ya udongo, unene wa vidole vitatu, ili jua lisiukaushe. Tatu, ndoo zilisogezwa ukutani zipate kivuli baada ya saa nane. Nne, yurea ilisimamishwa. Tano, matunda yote yenye doa yaliondolewa, kwani hayaponi, nayo hunywa maji bure. Yaliyokuwa hayana ukungu alikata doa akapikia mchuzi, hayana madhara.

Kipimo chake cha kila siku ni kidole. Alikitumbukiza udongoni hadi kiungo cha pili: pakiwa pakavu, maji yamechelewa. Baada ya wiki tatu vichala vya juu vilitoka safi, isipokuwa matunda mawili matatu yaliyokwisha kuathirika yakiwa machanga.

Msimu unaofuata atapanda katika ndoo za lita 20, kwa kuwa hizo husamehe uzembe wa siku moja. Pia atachanganya aina za mviringo, maana nyanya ndefu kama Roma huoza kitako upesi zaidi.

Kuna hali mbili ambazo kumwagilia vizuri peke yake hakutoshi. Ya kwanza ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu Dar es Salaam huyatumia. Chumvi huuzuia mzizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Dalili zake ni utando mweupe juu ya udongo na kingo za majani kuungua. Hapo tumia maji ya bomba au ya mvua, na usafishe udongo kwa kumwagia maji hayo mengi hadi yachuruzike.

Ya pili ni udongo wenye tindikali kali, ambao kweli huwa umepungukiwa kalsiamu. Huo hutibiwa kwa chokaa ya kilimo, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na baada ya kupimwa. Mwenye shamba apeleke sampuli kwenye maabara ya udongo, kama ile ya TARI Mlingano, Tanga, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mwenye ndoo 12 uani aanze na kidole chake.