Barafu Kwa Bei Ya Sangara: Chuga Tunauziwa Samaki Au Maji?

Kuna dada mmoja hapa Arusha, jina tuliache, anajulikana kwa video zake za mapishi. Mwenye simu anamjua. Juzi kati kapika minofu ya sangara ya kwenye friza, kaiweka kwenye kikaango ikiwa minene na inang'aa kama kioo. Dakika chache baadaye kikaango kimejaa maji, minofu imesinyaa, na chakula cha watu wanne kimekuwa cha watu wawili na nusu. Komenti zikagawanyika kama Simba na Yanga. Wengine: "Dada umepigwa." Wengine: "Hujui kukaanga, moto ulikuwa mdogo." Muuzaji mmoja wa samaki naye akaingia na hasira: "Barafu ni ya kulinda samaki, someni kwanza."

Ukweli ni kwamba muuzaji yuko sahihi, ila kasema nusu tu ya habari.

Koti la barafu ni nini

Samaki akishagandishwa kiwandani, anachovywa au kunyunyiziwa maji baridi sana. Kwa kuwa tayari ni wa baridi kali, yale maji yanaganda juu yake papo hapo na kuwa koti jembamba la barafu. Wenye viwanda wanaliita glezi. Kazi yake ni ya kweli kabisa: hewa kavu ya friza inanyonya unyevu kwenye nyama, na hewa ikigusa mafuta ya samaki inamfanya anuke uvundo. Koti likiwepo, friza inakula barafu kwanza, nyama inabaki salama. Samaki aliyekaa friza bila koti utamwona ana mabaka meupe makavu, ukimpika anatafunika kama karatasi.

Koti la kutosha kwa kazi hiyo kwa kawaida ni kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Hapo hakuna wizi. Shida inaanza pale samaki anapochovywa, anagandishwa, anachovywa tena, anagandishwa tena. Kila mzunguko unaongeza gramu, na hakuna mzunguko unaoongeza samaki. Na kadiri kipande kinavyokuwa kidogo na chembamba ndivyo kinavyobeba barafu nyingi zaidi kulingana na nyama yake, maana barafu inakaa kwenye ngozi ya nje. Ndiyo maana sato mzima hamlizi mtu sana, lakini minofu myembamba na kamba wadogo wanalia nao wengi.

Hesabu ya yule dada

Baada ya kelele za komenti, yule dada kafanya kitu ambacho wengi hawafanyi. Kachukua pakiti ya pili ya aina ileile, kaweka mzani wa jikoni, kapima mbele ya kamera. Ifuate, maana mtu yeyote mwenye mzani anaweza kuirudia.

Kwanza katoa mfuko, kapima minofu na barafu yake: gramu 1,000 kamili. Halafu kachukua mnofu mmoja mmoja, kauweka chini ya bomba la maji baridi yanayotiririka taratibu, huku anaupapasa kwa vidole. Barafu ni laini na inateleza. Ikiisha unasikia mkwaruzo wa nyama yenyewe. Hapo hapo anautoa, ungali mgumu kama jiwe, anaufuta maji kwa kitambaa safi na kuuweka pembeni. Alipomaliza yote kapima tena: gramu 760.

Kwa hiyo gramu 240 zilikuwa maji, yaani asilimia 24. Pakiti aliinunua shilingi 15,000. Wengi hapo wanafikiri kapoteza robo basi yameisha. Hesabu yenyewe inauma zaidi: gawanya 15,000 kwa 0.76, unapata kama 19,700. Hiyo ndiyo bei halisi aliyolipa kwa kilo moja ya samaki. Na mtaa wa pili kulikuwa na minofu isiyo na barafu kwa 18,000, ambayo aliipita akisema ni ghali. Ile ya "bei chee" ndiyo iliyokuwa ghali. Maji yaliyoganda yamemgharimu shilingi 3,600, wakati chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu haifiki hata 2,000.

Angalizo moja, ili mtu asimsingizie muuzaji bure. Usipime samaki akishayeyuka kabisa ukasema tofauti yote ni barafu. Nyama ikiyeyuka inatoa na maji yake yenyewe, hata kwa samaki wa muuzaji mwaminifu. Ndiyo maana yule dada aliitoa minofu ikiwa bado migumu. Ukitumia maji ya moto au ukiiacha kwenye beseni, kipimo chako hakina maana.

Mzungu anapimiwa samaki, wewe unapimiwa nini?

Hapa ndipo panapokera. Sangara wa Ziwa Victoria anachakatwa kwenye viwanda vya Mwanza, na minofu mingi inapanda ndege kwenda Ulaya. Kule sheria yao namba 1169 ya mwaka 2011 inasema wazi kwamba uzito halisi ulioandikwa kwenye pakiti ya chakula kilichovishwa barafu usihesabu hiyo barafu. Viwango vya kimataifa vya Codex, vinavyosimamiwa na FAO na WHO, vinasema vivyo hivyo kwa samaki waliogandishwa. Yaani mnofu wa Mwanza ukifika Ulaya, mteja analipia mnofu. Ukipanda basi kuja Arusha, mteja wa Njiro au Sakina anawekewa mzanini na koti lake, na bei inasomwa hivyo hivyo.

Kutoka kwenye kanuni hiyo kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji hata kuyeyusha kitu. Kama pakiti imeandikwa uzito halisi kilo 1, na samaki wana koti la barafu, basi ukiwaweka mzanini lazima wazidi kilo 1. Kwa koti la asilimia 10, inatakiwa isome kama gramu 1,110, achilia mbali mfuko. Ukiona pakiti ya kilo 1 ina barafu inayoonekana na mzani unasoma kilo 1 juu ya alama, jua barafu imeshahesabiwa kama samaki. Maswali mengine ni ya adabu tu.

Na tuwe na haki. Mama mwenye friza pale Kilombero mara nyingi siye aliyechovya. Kanunua boksi kwa jumla, kapimiwa na barafu yake, na akiuza bila barafu anakula hasara yeye. Wizi unashuka ngazi kutoka juu, na kila mtu anamrushia wa chini yake mpaka unaishia kwenye kikaango chako. Lakini kuna na wale wanaojichovyea wenyewe kwenye beseni nyuma ya duka. Koti la kiwandani huwa jembamba, linaonesha nyama na limelingana kila upande. La beseni ni nene, lina mabonge na mawimbi, na limegandisha vipande viwili vitatu pamoja.

Usichanganye hilo na theluji nyeupe inayozagaa ndani ya mfuko. Ile mara nyingi ni unyevu uliotoka kwenye samaki mwenyewe baada ya umeme kukatika au friza kupanda joto na kushuka. Hiyo haijaongeza uzito, ila inakwambia samaki ameteseka. Muache.

Kuku ana mbinu nyingine

Kwa kuku usitafute koti, maana maji yako ndani. Baada ya kunyonyolewa, kuku wengi wanapozwa kwenye maji baridi, na ngozi na nyama vinanyonya. Asipochuruzishwa vizuri kabla ya kuingia friza, maji yanaganda tumboni na chini ya ngozi. Njia nyingine ya viwandani ni kumdunga sindano za maji ya chumvi, mara nyingi yakiwa na fosfeti, ambayo inaifanya nyama iyashike yasitoke. Afrika Kusini jambo hili lilikuwa kubwa mpaka mwaka 2016 serikali ikaweka kikomo: maji ya kudungwa yasizidi asilimia 10 kwa kuku mzima na 15 kwa vipande.

Jinsi ya kujua: pima kuku akiwa ameganda bila mfuko, muweke kwenye chujio juu ya bakuli, ayeyuke kwenye friji usiku kucha, kisha mpime tena. Kuku wa gramu 1,200 akibaki 1,090, kamwaga gramu 110, zaidi kidogo ya asilimia 9. Ulaya, kuku mzima aliyepozwa kwenye maji na kugandishwa, kikomo cha maji yanayochuruzika wakati wa kuyeyuka ni asilimia 5.1. Wa kwako kazidi. Ila aliyedungwa fosfeti anaweza kukudanganya kwenye chujio, asimwage mengi. Huyo anajitaja kwenye mafuta ya moto: badala ya kukaangika anachemka, na povu jeupe linapanda. Kama ana lebo, soma viungo. Kuku wa kawaida hahitaji orodha ya viungo.

Ukinunua kuku kwa kichwa, elfu kadhaa kwa kuku mmoja, barafu haikuli kama unaponunua kwa kilo. Bado inamfanya aonekane mnene, ila mzani haumo kwenye mchezo.

Msimamo

Kuvisha samaki barafu si dhambi. Kuiuza kwa bei ya samaki ndiyo dhambi, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo wapo hadi Arusha. Wanakagua mizani kama inasoma sawa, na hilo ni jema, lakini mzani ulio sawa kabisa unaweza kupima maji vizuri tu. Kinachotakiwa ni wao waingie kwenye friza, wachukue pakiti, waoshe barafu mbele ya mwenye duka na wapime kinachobaki.

Mpaka siku hiyo, swali ni moja tu, na liulizwe kabla ya hela kutoka mfukoni: "Kaka, uzito huu ni wa samaki, au na barafu yake?" Akisema na barafu, basi na bei ishuke kwa kiasi cha barafu. Akikasirika, ameshajibu.

Haya wadau wa Chuga, nani kashapima ya kwake? Shusha namba hapo chini: iliyoganda ilikuwa gramu ngapi, iliyobaki ngapi. Majina ya maduka tusitajane, namba zinatosha.