Mgeni wa Siku ya Tatu Aliyenyimwa Jembe

Nimekuwa kimya kwa sababu ya pilikapilika za kazi, lakini leo kuna jambo limenikaa kooni na lazima nilitoe.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa chumba cha habari, magazeti yameshakwenda mtamboni, tunapiga soga. Ikaingia hoja ya wakimbizi. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana kwa kalamu yake, akasema: "Hawa jamaa wanakula bure, wanalala bure, wanatibiwa bure. Mimi hapa mwenye nyumba ananigongea kila tarehe moja. Sasa wanalalamikia nini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nilipokuwa kwenye daladala kurudi nyumbani nikaanza kujiona mjinga. Nimewahi kuandika habari tatu kuhusu kambi za wakimbizi. Zote zina maneno ya ofisa wa serikali, zote zina maneno ya ofisa wa shirika la misaada. Hakuna hata moja yenye neno la mkimbizi. Nilikuwa nimeandika habari za nyumba bila kuongea na wanaoishi ndani yake.

Kwa hiyo leo naomba tujiulize swali moja tu: chakula cha bure kinanunua nini?

Twende Ngara, mkoani Kagera. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na kambi iliyoitwa Lukole, ya wakimbizi kutoka Burundi, ambayo ilifungwa mwaka 2008. Msomi mmoja wa Denmark, Simon Turner, alikaa pale mwaka 1997 na 1998 akiwasikiliza watu. Wakati huo kambi ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Huo ni mji kamili. Lakini ulikuwa mji usio na meya, usio na diwani, na usio na mtu yeyote aliyechaguliwa na wakazi mwenye uwezo wa kuamua kiasi cha unga.

Kila familia ilikuwa na kadi ya mgao. Kadi inaonyesha idadi ya watu, na idadi ndiyo inayoamua kilo za mahindi, maharage na mafuta. Mtoto anahesabiwa kichwa kimoja, baba kichwa kimoja, bibi kizee kichwa kimoja. Kwa macho ya mtoa msaada hiyo ndiyo haki yenyewe, kwamba wote ni sawa. Lakini Turner alisikia kitu kingine. Wanaume walilalamika kwamba wake zao hawawaheshimu tena, kwa sababu anayelisha nyumba si mume bali ni UNHCR. Shirika limekuwa mume bora kuliko wao! Unaweza kucheka, lakini tafakari kidogo. Mwanamume aliyekuwa na shamba na ng'ombe, ambaye neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu alileta chakula, sasa anasimama kwenye foleni akiwa kichwa kimoja kati ya vichwa sita. Sisemi kwamba ule mfumo wa zamani ulikuwa mzuri kwa wanawake. Ninachosema ni kwamba kadi ya chakula iliingia mpaka chumbani ikapanga upya nani ni nani, na hakuna aliyeipigia kura.

Pale chuoni tulisomeshwa Michel Foucault, yule Mfaransa, wengi wetu tukamkariri kwa ajili ya mtihani. Alieleza kwamba mamlaka ya zamani yalijulikana kwa upanga, mfalme anaweza kukuua. Mamlaka ya kisasa yanajulikana kwa kukuweka hai: yanakuhesabu, yanakupima uzito, yanakuchanja, yanarekodi uzazi na vifo. Tuyaite mamlaka juu ya uhai. Sikumwelewa mpaka nilipoifikiria siku ya mgao. Askari hahitaji kukupiga ili uje ujipange na kutoa alama za vidole. Utakuja mwenyewe, tena alfajiri.

Sasa tuangalie mfumo huu unavyoharibika. Kipimo kinachotumika duniani katika kupanga mgao ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji 10,500. Mwezi Juni 2023, kwa uhaba wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao katika kambi za Kigoma hadi nusu. Familia ile ile ikawa inapata 5,250, yaani chakula cha watu wawili na nusu. Kwa sheria yetu, mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali, na kwa miaka mingi mpaka uliotumika ulikuwa kilometa nne. Kulima nje ni kosa, kibarua nje ni kosa. Wewe ungefanyaje?

Utafanya ambacho binadamu yeyote angefanya. Bibi akifariki, hukimbilii ofisini kutoa taarifa, kwa sababu kadi itapungua kichwa. Kijana akiondoka kwenda kutafuta maisha mjini, jina lake linabaki. Shirika nalo likiona watu kwenye karatasi ni wengi kuliko wanaoonekana, linaitisha uhakiki mpya. Mkimbizi anaitwa mdanganyifu, mtu wa uhakiki anageuka polisi, na kila upande unazidi kumshuku mwenzake. Ukitaka kujua kama kambi imefika hapo, usiangalie takwimu za njaa peke yake. Angalia kama watu wanaogopa kusajili kifo. Ule udanganyifu tunaoulaani magazetini umezaliwa na kanuni mbili zilizofungwa pamoja: utakula ninachokupa, na usitafute kingine.

Na shuku hiyo ikikomaa, chakula kinageuka fimbo. Kule Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1994 na tena 1996, mgao ulisimamishwa kambi nzima baada ya wakimbizi kubomoa mazizi yaliyojengwa kwa ajili ya kuwahesabu. Watoto wachanga waliadhibiwa kwa kosa la waliobomoa. Guglielmo Verdirame na Barbara Harrell-Bond waliliandika jambo hilo kama adhabu ya pamoja, kitu ambacho hata jeshi vitani limekatazwa kukifanya.

Najua kuna watakaosema wakimbizi ni wanyonge tu, hawana la kufanya. Mwanafalsafa wa Italia, Giorgio Agamben, naye anaelekea huko: kwamba kambi inamvua mtu uraia na siasa, anabaki na uhai mtupu. Hapa mimi namkatalia, na Lukole ndiyo shahidi wangu. Turner alikuta siasa imejaa kule mpaka inafurika. Wafuasi wa vyama vya Burundi, CNDD na Palipehutu, walikuwa wakigombea kila kona ya kambi. Vijana waliosoma kidogo walipata uongozi wa mitaa au kazi ndogo kwenye mashirika, wakawa watu wa katikati wanaojua mlango gani ugongwe. Tatizo ni kwamba siasa hiyo ilibidi ifanyike kwa kujificha. Mtoa msaada anamtaka mhanga asiye na hatia, na mhanga akianza kuuliza maswali anaitwa mchochezi. Kwa hiyo kinachokosekana kambini ni mahali halali pa kuifanyia siasa hiyo.

Lakini tusiwatwishe mashirika mzigo wote, maana kambi ina mabwana wawili. Mmoja anashika chakula, mwingine anashika uzio. Mwishoni mwa 2016 pale Nyarugusu ulianza mpango wa kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha taslimu badala ya unga. Mama anaamua mwenyewe anunue dagaa au sabuni, na mfanyabiashara wa Kasulu anapata mteja. Mwaka 2017 serikali ikausimamisha. Mapema 2018 nchi ikajitoa katika mpango wa kimataifa uliolenga kuwafanya wakimbizi wajitegemee. Serikali ina hoja zake za usalama na za ahadi za wafadhili zisizotimizwa, na baadhi ni za kweli. Ila tukubaliane kwamba yule mkimbizi "anayekula bure" alinyang'anywa hata nafasi ya kwenda sokoni na hela yake mkononi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na nchi hii iliwahi kufanya hivyo. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakajilisha, wakauza mazao. Makazi yale nayo yalikuwa na mkuu wake na vibali vyake, hayakuwa peponi. Lakini kufikia 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamepewa uraia. Hakuna mchawi aliyefanya hivyo, ilikuwa ni jembe.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Uzio unaweza kushtakiwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na mwaka 2017 ikazuia serikali kuifunga Dadaab. Chakula hakishtakiki. Chini ya mkataba wa 1946, vyombo vya Umoja wa Mataifa vina kinga dhidi ya mahakama za nchi. Mstaafu wetu akikatwa pensheni kimakosa ana pa kwenda, hata kama atazungushwa. Mama aliyefutwa kwenye kadi kimakosa atarudi kulalamika kwa ofisi ile ile iliyomfuta.

Maoni yangu ni haya. Palipo na mgao pawe na chombo cha rufaa kisichoajiriwa na anayegawa, na wakimbizi waliochaguliwa na wenzao wakae ndani yake wakiwa na kura. Mgao usisimamishwe kamwe kama adhabu wala kama njia ya kuwasukuma watu warudi kwao. Na kama hatuna chakula cha kuwatosha, basi tuwafungulie njia ya shamba na soko. Huwezi kumfunga mtu mikono halafu ukamsuta kwa kulishwa.

Jumatatu nikimwona yule mwenzangu nitamwambia kwamba mwenye nyumba wake anaweza kumgongea kila tarehe moja, ila hawezi kumpangia ale nini, aende umbali gani, na afe lini kwenye karatasi. Na habari yangu ya nne ya kambi, kama mhariri ataniruhusu, itaanza na mtu wa kwenye foleni.

Nawasilisha.