Tiara ya kununua haitamfunza mtoto wa Eldoret kitu

Kila Januari na Februari, kabla mvua kuja kutuharibia alasiri, shule kadhaa hapa Eldoret hupanga siku ya tiara kwa wanafunzi wa gredi ya nne hadi ya sita. Kwenye karatasi ya mwalimu kumeandikwa upepo, umbo na vifaa. Uwanjani mambo ni mengine kabisa. Kuna tiara ya duka iliyochorwa kipepeo, kuna nyingine ambayo baba mtu alikesha akiiunda, halafu kuna ile ya gazeti iliyoundwa na mtoto mwenyewe. Hiyo ya mwisho inaanguka mara mbili na mwenyewe anaambiwa akae kando. Alama zinaenda kwa kipepeo.

Mimi naona hapo tumekosea. Tiara iliyoanguka ndiyo somo lenyewe, na mtoto anayestahili alama ni yule anayeweza kueleza kwa nini imeanguka na amebadilisha nini. Kwa hiyo, za kununua zibaki nyumbani. Wanafunzi wawe watatu kwa tiara moja, na zote ziwe na kipimo kimoja. La sivyo hutajua kama iliyoshinda ilishinda kwa umbo, kwa karatasi ama kwa pesa za mzazi.

Kipimo kinachofaa ni kile cha almasi: kijiti cha wima sentimita 50, cha kulala sentimita 40, na vipishane sentimita 12 hivi kutoka juu. Gazeti linatosha kabisa, ukilibandika kwa uji wa unga wa ngano. Maelezo mengi ya mtandaoni yanakwambia uchukue mfuko wa plastiki wa dukani, lakini hiyo mifuko ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo achana nayo. Vijana wa pwani hutumia chelewa za mnazi. Sisi hatuna minazi, ila tuko Uasin Gishu bana, mabua ya mahindi yamejaa kila shamba baada ya mavuno. Chana ganda la nje la bua kavu, kwangua ule moyo laini wa ndani, utapata ufito mwepesi na mgumu. Shida yake ni kwamba hukatika kwenye kifundo, basi chagua kipande ambacho kifundo hakiko pale vijiti vinapopishana. Ukiwa na mwanzi uliochanwa, ni bora zaidi.

Sasa tufike mahali ambapo tiara nyingi hufia: ile kamba fupi ya mbele, ambayo uzi mrefu hufungwa kwake. Mimi huiita hatamu, kwa sababu kazi yake ni ileile ya hatamu ya farasi. Chukua uzi wa sentimita 65 hivi, funga ncha moja juu ya kijiti cha wima na nyingine chini, upande unaotazama upepo. Kisha weka kitanzi kidogo kama sentimita 22 kutoka ncha ya juu. Kabla ya kufunga mkia, ining'inize tiara kwa kile kitanzi, uso ukitazama juu. Kichwa kinafaa kiinuke kidogo kuliko miguu. Ikilala sawasawa kama meza, ama kichwa kikiinama, usitoke darasani kwanza.

Kitanzi hicho ndicho kinachoamua tiara itaupokea upepo kwa mlalo gani. Ukikisogeza juu, tiara inalala zaidi na upepo unateleza chini yake. Ukikisogeza chini, inasimama na kuukinga upepo kama ukuta. Ndiyo maana dalili zake ni rahisi kusoma. Tiara inayovuta uzi kwa nguvu lakini inabaki chini, haitaki kupanda, imesimama mno: pandisha kitanzi. Ile inayopanda kidogo, inaanza kupigapiga karatasi kisha inaanguka kifudifudi, imelala mno: shusha kitanzi. Sogeza sentimita moja tu, rusha tena, andika kilichotokea. Usiguse kitu kingine chochote katika zamu hiyo. Watoto hupenda kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, kisha hakuna anayejua kipi kilichosaidia.

Na ile inayozunguka kama pia? Kwanza pima mabawa, huenda upande mmoja una uji mwingi ama kijiti kimesogea. Kama pande ziko sawa, mkia ni mfupi. Anza na ukanda wa kitambaa wa mita mbili na nusu, yaani mara tano ya urefu wa tiara. Hapa pana jambo ambalo hata watu wazima hulikosa. Waulize wanafunzi mkia unafanya kazi gani, wengi watasema ni uzito. Basi wape jaribio: toa mkia, funga badala yake kijiwe chenye uzito uleule. Tiara itaendelea kuyumba, pengine zaidi. Mkia unasaidia kwa sababu upepo unauvuta nyuma, na mvuto huo unarudisha miguu ya tiara mahali pake kila inapotaka kugeuka. Jaribio hilo halichukui hata dakika kumi, na mtoto aliyeliona hana haja ya kukariri.

Kuhusu upepo, Eldoret ina mambo yake. Tuko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Maana yake, tiara inayoinuka Mombasa kwa upepo wa kilomita 10 kwa saa itataka kilomita 11 na ushei hapa. Si tofauti kubwa, lakini inatosha kuiangusha tiara iliyorembwa kwa rangi tabaka tatu. Rangi ni uzito, jameni.

Kibaya kuliko urefu wa mahali ni miti. Shule zetu nyingi zimezungushiwa mikaratusi, na upepo ukipita juu ya mti huanguka upande wa pili ukiwa umevurugika. Mti wa mita 15 unaweza kuuharibu upepo kwa zaidi ya mita 100 nyuma yake, ambazo mara nyingi ndizo uwanja wote. Kabla ya kuleta watoto, mwalimu atembee na utepe uliofungwa kwenye fimbo ndefu. Mahali utepe unanyooka na kutulia, simama hapo. Unapojikunja na kugeukageuka, hata tiara ya fundi itaanguka, na si haki kumkata mtoto alama kwa kosa la mkaratusi.

Msiwaambie wakimbie pia. Najua inapendeza kwa picha. Lakini anayekimbia anajitengenezea upepo wake mwenyewe, kwa hivyo tiara mbovu inapanda mradi miguu inakwenda, kisha akisimama tu inaanguka na hajui ina kasoro gani. Mmoja aishike tiara mita 20 mbele, upande upepo unakoelekea, mwingine ashike uzi ukiwa umekazwa, wa tatu aandike. Upepo mzuri ukija, wa mbele anaiachilia tu, bila kuirusha.

Uzi uwe wa kawaida wa kushonea, usiwe waya wala kitu chenye madini, na uwanja uwe mbali na nyaya za stima. Tiara ikinasa kwenye nyaya, iachwe hukohuko. Radi ikisikika, hata kama ni mbali upande wa Nandi, nyuzi zote zikunjwe na watoto waingie darasani na daftari zao. Mwalimu asahihishe zile daftari.