KAFEINI NA MAZOEZI YA JIONI (Sehemu ya 4)

Ndugu zangu wa Mafiga na Moro yote, leo nasema na nyie mnaotoka kazini mnapitiliza jimu, mkononi mna chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Msimamo wangu ni huu: kafeini ni ya mazoezi ya asubuhi. Ya jioni, iache.

Kafeini haikupi nguvu mpya. Inaziba ile taarifa ya uchovu inayopelekwa kwenye ubongo, ndiyo maana unaona chuma chepesi. Inafika kileleni kwenye damu baada ya dakika 30 hadi 60. Hapo sawa. Shida ni kutoka. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake hutoka kwa kama saa 5, na kwa dada anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango inachukua muda mrefu zaidi.

Sasa piga hesabu na mimi. Chupa ya mililita 500 mara nyingi ina kama miligramu 150 hadi 160 (soma lebo). Umekunywa saa 11:30 jioni, ukanyanyua chuma saa 12. Saa 4:30 usiku unapanda kitandani, na mwilini bado kuna kama miligramu 80. Yaani ni kama umemeza kikopo kizima cha mililita 250 ndo unavuta shuka!

Utaniambia, "Mbona mimi nalala tu, nesi?" Unalala ndiyo, ila usingizi mzito unapungua, na huo ndio misuli inautegemea kujijenga. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Dalili yake utaijua: unaamka umechoka, saa 4 asubuhi unatafuta kahawa, jioni unatafuta chupa nyingine. Hapo unalipa deni kwa kukopa tena.

Wewe unayekimbia alfajiri kuelekea milimani, kunywa saa 11, anza mbio saa 12 kasoro. Anza na kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya kukoroga kina kama miligramu 60, kwa hiyo kikombe kimoja au viwili vinatosha kabisa kwa mtu wa kilo 70. Kwa siku nzima usivuke miligramu 400, na chai, soda na kahawa ya kijiweni vyote vinahesabiwa. Mama mjamzito asivuke 200. Mwenye presha au moyo unaoruka mapigo, aongee na daktari kwanza.

Moyo ukidunda ovyo au mikono ikitetemeka, umezidisha, acha mazoezi siku hiyo. Kifua kikibana au ukizimia, hospitali moja kwa moja.

Na wa jioni? Kunywa maji, kula ndizi, na kafeini ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana. Chuma kikiwa kizito, punguza kilo.

Swali lako weka hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.