SEHEMU YA 6: Kiporo cha wali kisiende shule

Mama wa Mwanza, leo nitawaudhi baadhi yenu. Wali wa jana usiku, uliopashwa alfajiri na kufungwa kwenye kontena la plastiki, mimi nasema asipewe mtoto kabisa. Najua hoja yenu: "Si nimeupasha moto vizuri?" Shida iko hapo hapo.

Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa basilasi sereusi. Mbegu zake haziuawi na kuchemsha. Wali ukibaki sufuriani usiku kucha, kwenye joto letu hili la ziwani, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Asubuhi ukipasha unaua bakteria, ila sumu ya kutapisha inabaki maana inavumilia moto. Na hainuki! Wali unaweza kuonja vizuri tu, halafu mtoto akaanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Sasa chukua mtoto anayepanda daladala Buhongwa saa kumi na mbili asubuhi na kula saa saba mchana. Hayo ni masaa saba. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili. Kwa hiyo wali na mchuzi wa sangara viende vya moto na vibaki vya moto, nyuzi 60 au zaidi.

Pika alfajiri hiyo hiyo. Chukua chupa ya chakula ya chuma yenye kuta mbili, jaza maji yanayochemka, funga dakika kumi. Wengi wanaruka hatua hii, halafu chuma baridi kinanyonya joto la chakula. Mwaga maji, pakia chakula kikiwa kinafuka moshi, jaza mpaka karibu na juu kwa sababu nafasi tupu inapoza. Mchuzi uchemke kabisa kwanza. Funga, na mwambie mtoto asichungulie njiani.

Kabla ya kuiamini chupa, ijaribu Jumamosi. Pakia saa kumi na mbili, fungua saa saba. Chakula kikitoa mvuke na kuunguza ulimi, sawa. Kikiwa vuguvugu, hiyo chupa ni ya matunda, hata kama muuzaji alikuapia.

Huna chupa? Usilazimishe wali. Weka vikavu: chapati, karanga za kukaanga, dagaa wakavu waliokaangwa mpaka wakakauka kau, ndizi mbivu na ganda lake. Chapati zipoe kwanza kwenye ungo, zikifungwa za moto zinatoka jasho na kulowana. Nyanya na kachumbari usichanganye na dagaa, vitawarudishia maji.

Mtoto akitapika, mpe ORS kidogo kidogo. Akishindwa kubakiza kitu tumboni, macho yakidumbukia au akilegea, mpeleke kituo cha afya muda huo huo.