Kaktasi ya Krismasi Inataka Giza, Tena Mwezi Juni

Kaktasi ya Krismasi ni ile isiyo na miiba mikali, yenye vipande bapa vilivyoungana kama mnyororo na kuning'inia pembeni mwa chungu. Wengi huinunua ikiwa na maua mekundu au ya waridi. Mwaka unaofuata inabaki kijani tupu, au inatoa vitumba vinavyodondoka kabla ya kufunguka. Mama analaumu udongo, baba anasema imezeeka, na mwisho inatupwa. Mara nyingi mmea huo ni mzima. Umekosa usiku tu.

Asili yake ni milima ya pwani ya Brazili, upande wa Rio de Janeiro. Huko, kama kwetu, ni kusini mwa ikweta, na huchanua kuelekea Mei, usiku unaporefuka na baridi kuanza. Ulaya, usiku hurefuka kuelekea Desemba, ndiyo maana ikapewa jina la Krismasi. Kwa hiyo jina hilo lina kalenda ya Ulaya, si ya Shinyanga wala Geita.

Ili ifanye vitumba, kaktasi hii inahitaji giza lisilokatizwa la saa 12 au zaidi kila usiku, kwa wiki sita hivi. Hapo ndipo penye shida. Shinyanga, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa. Usiku wetu ni wa takribani saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo uko mpakani tu.

Sasa tuchukue sebule ya Nyankumbu, Geita. Kunapambazuka saa 12 na nusu asubuhi, na taa na televisheni huzimwa saa tano usiku. Kaktasi iliyo pembeni ya kochi inapata giza la saa saba na nusu tu. Kwake ni kiangazi kisichokwisha, na haina sababu ya kuchanua.

Dawa yake ni boksi. Kuanzia tarehe 1 Juni, ifunike kwa boksi la katoni lisilopitisha mwanga saa 12 jioni, kisha ifunue saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 14 za giza. Mchana iweke karibu na dirisha penye mwanga mzuri, ila jua kali lisiipige moja kwa moja. Mwagilia pale udongo wa juu unapokauka, na usiache maji yatuame kwenye sahani. Usiku usifunue boksi na kumulika kwa tochi ya simu ili kuchungulia, maana ukifanya hivyo unaukata usiku wake vipande viwili.

Kwa nini Juni na si Oktoba? Kwa sababu ya joto. Usiku wa Juni na Julai kwetu huweza kushuka hadi karibu nyuzi 16, kiwango kinachoifaa sana. Usiku ukizidi nyuzi 24, vitumba hutoka kwa shida hata kama giza lipo. Oktoba nyumba ya bati hubaki na joto la mchana hadi usiku wa manane, hivyo anayelenga maua ya Desemba hapa anashindana na hali ya hewa. Ukianza Juni, tarajia maua kuanzia Agosti.

Baada ya wiki nne hadi sita, tazama ncha za vipande. Kinachotoka kikiwa bapa ni kipande kipya tu. Kikiwa cha mviringo chenye ncha, hicho ni kitumba. Vikishaonekana vingi, acha kutumia boksi.

Kuanzia hapo kazi ni kuzuia visidondoke. Vitumba hudondoka udongo ukikauka kabisa au ukilowa kupita kiasi, joto likibadilika ghafla, au chungu kikihamishwa na kugeuzwa kila siku. Kichague mahali, kiache hapo, na uwaambie watoto wasikiguse.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni hewa. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo hudondosha vitumba. Moshi wa jiko la mkaa pia una gesi hiyo. Usiweke kaktasi karibu na kapu la matunda wala jikoni.

Na kama jiko la mkaa huwashwa ndani wakati wa baridi ya Julai, kuhamisha chungu hakutoshi. Mkaa hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watoto waliolala, na kaktasi haiwezi kukuonya kuhusu gesi hiyo. Jiko ndilo litoke nje.