Kukataa jopo mapema
Wiki hii mwenzangu wa ofisini, mfasiri wa siku nyingi, alialikwa kwenye jopo la Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya Julai 7 iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, azungumzie Kiswahili mahakamani. Kesho yake tu akaandika jibu, akanionyesha kabla ya kulituma: "Asanteni kwa kunikumbuka. Sitaweza kuja; tarehe hiyo nina kazi niliyokwisha kuiahidi. Kwa mada hii namfahamu mkalimani aliyefanya kazi mahakamani miaka mingi. Nimemuuliza, yuko tayari mumpigie. Nawatakia mjadala mwema." Nilipenda hasa hilo neno "nimemuuliza". Wengi wetu hugawa namba za watu kama njugu, mwenye namba akashtukia anapigiwa na mwandaaji asiyemjua, naye yuko sokoni anachagua nyanya. Wala hakuandika "mchukueni badala yangu". Alieleza mkalimani anajua nini, ili aalikwe kwa ujuzi wake, si kwa kuziba pengo. Sisi wa "nitaangalia, Mungu akipenda" hudhani tunatunza heshima, kumbe picha zetu zimeshachapwa kwenye tangazo na mwandaaji anahaha siku mbili kabla ya shughuli. Hapana ya leo ni msaada, hapana ya mkesha ni hasara. Na ukikosa wa kumtaja, kataa na ushukuru, inatosha. Anayempendekeza shemeji yake asiyeijua mada ndiye anayewaharibia watu shughuli.